Huyu Nimwite Nani? Mwongozo kwa Anayetaka Kumleta Yakobo Nyumbani

Kijana aliyeigiza Yakobo alisimama katikati ya ukumbi wa kanisa, akamtazama kijana aliyeigiza Labani, kisha akanigeukia mimi niliyeandika igizo. "Sasa huyu nimwite nani?" Swali lilikuwa la haki. Katika mstari wa 10 wa Mwanzo 29, Labani ni ndugu wa mama yake Yakobo, yaani mjomba. Katika mstari wa 15 Labani huyohuyo anamwita Yakobo ndugu. Sura haijaisha, keshakuwa baba mkwe. Vijana walicheka, mazoezi yakasimama, nami nikarudi nyumbani na daftari langu.

Mwongozo huu umetokana na jioni hiyo na nyingine nyingi zilizofuata. Ni kwa yeyote anayeandika igizo, anayefundisha shule ya Jumapili au anayewasimulia wajukuu hadithi ya Yakobo kwa Kiswahili cha nyumbani. Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, alianzia Mwanzo. Kwa hiyo anayehangaika na ukoo huu amekaa kwenye mkeka ambao wengine wamekwisha kuukalia.

Vifaa

Tafuta Biblia mbili za tafsiri tofauti, karatasi kubwa, kalamu ya risasi, kifutio, na shangazi mmoja. Shangazi awe mtu mzima, awe amewahi kukaa kwenye vikao vya posa, na awe na tabia ya kuuliza "huyo ni mtoto wa nani?" kabla ya kuuliza jina. Kifutio kisisahaulike. Shangazi atakitumia.

Hatua ya kwanza: chora ukoo kabla hujagusa neno

Juu ya karatasi andika Tera. Chini yake andika wanawe watatu: Abramu, Nahori na Harani. Abramu alimzaa Isaka, na Isaka akawazaa Esau na Yakobo. Kwa upande wa pili, Nahori alimzaa Bethueli, na Bethueli akawazaa Rebeka na Labani. Isaka akamwoa Rebeka. Labani akawazaa Lea na Raheli.

Nilimwekea shangazi yangu karatasi hiyo mezani nikiamini kazi imekwisha. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole. "Abramu na Nahori ni tumbo moja?"

"Baba mmoja, shangazi."

"Basi Isaka na Bethueli ni ndugu, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Na Yakobo na huyu Labani?"

Nikahesabu. Tera, Abramu, Isaka, Yakobo. Tera, Nahori, Bethueli, Labani. Wamesimama ngazi moja.

"Basi kwa baba, Labani ni kaka yake," alisema shangazi. "Kwa mama ni mjomba wake. Mtu mmoja, milango miwili. Mwanangu, ulikuwa unahangaika na nini?"

Sikuwa nimeuona mlango wa pili. Kwa hesabu ya familia yetu, na ya familia nyingi za bara, watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu, na watoto wao nao ni ndugu, hata vizazi vikizidi. Kwa hesabu hiyo Labani anapomwita Yakobo ndugu, hajakosea hata kidogo. Mkosaji ni msomaji aliyechora upande wa mama peke yake.

Hapa lakini usikimbilie kudai kwamba Labani alihesabu hivyo. Neno la Kiebrania alilotumia, *ah*, lina mikono mirefu. Katika Mwanzo 14, Lutu anaitwa *ah* wa Abramu, ingawa sura ya 12 imekwisha kutuambia kwamba ni mtoto wa ndugu yake. *Ah* ni mtoto wa mama mmoja, ni mtoto wa ndugu, ni mtu wa ukoo. Sisi tunalo neno lenye mikono ya urefu huohuo, nalo ni *ndugu*. Kazi iliyobaki ni kujua mahali pa kulitumia na mahali pa kulizuia.

Hatua ya pili: tenga anayesimulia na anayeita

Chukua kalamu mbili za rangi. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kila neno la ukoo linalotoka kwa msimulizi. Kwa rangi ya pili pigia mstari yale yanayotoka vinywani mwa watu. Ni kazi ya dakika ishirini, na bila kuifanya utabaki kuchanganya mambo mawili tofauti: neno linaloeleza uhusiano, na neno linalomgusa mtu.

Msimulizi wa mstari wa 10 anaeleza. Yakobo anamwona Raheli akija na kondoo, anavingirisha jiwe kutoka kinywani mwa kisima, anawanywesha kondoo. Katika mstari huo mmoja msimulizi anasema mara tatu kwamba Labani ni ndugu wa mama yake Yakobo. Kiebrania cha hapo kinatumia maneno mawili, "ndugu" na "mama yake". Kiswahili kina neno moja, mjomba, na mama yumo ndani yake, kwa kuwa hakuna mjomba wa upande wa baba. Kwa hiyo katika igizo mpe msimulizi *mjomba* bila wasiwasi. Ukitaka hadhira ikumbuke kwamba Rebeka ndiye aliyemtuma mwanawe kwa kaka yake, basi mara moja kati ya hizo tatu sema "ndugu wa mama yake".

Nimeandika "kaka yake" na hapo hapo kuna mtego. *Kaka* kwa asili ni ndugu wa kiume aliye mkubwa, na Mwanzo haisemi kati ya Rebeka na Labani nani alitangulia kuzaliwa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na *umbu*, neno la kuitana kati ya ndugu wa kike na wa kiume lisilouliza umri. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 bado inalo, kwa mfano katika Yohana 11, ingawa pale linatumika kati ya Martha na dada yake. Vijana wangu hawakulijua. Leo watu wengi husema kaka na dada bila kujali umri, kwa hiyo hapa *kaka* linapita.

Kwa Lutu na Abramu halipiti kirahisi. Lutu angemwita Abramu baba mkubwa au baba mdogo? Hatujui kama Harani alikuwa mkubwa au mdogo wake, kwa kuwa mpangilio wa majina si lazima uwe mpangilio wa kuzaliwa. Kiswahili cha bara kinakulazimisha ujibu swali ambalo kitabu hakikuliuliza. Watu wa pwani wanakuokoa: wao wana *ami*, ndugu wa baba, mkubwa au mdogo. Lugha ikikubana upande mmoja, bisha hodi kwa jirani anayeizungumza lugha hiyohiyo kabla hujabuni umri wa mtu.

Hatua ya tatu: mwache Labani aseme "ndugu"

Sasa tufike kwenye neno lililosimamisha mazoezi. Yakobo amekaa kwa Labani mwezi mzima akifanya kazi. Labani anamuuliza kama, kwa kuwa ni ndugu yake, amtumikie bure, kisha anamtaka ataje mshahara. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika "mpwa wangu". Uhusiano ulikuwa sahihi kabisa, na sentensi ikafa.

Sababu yake ni hii. Mpwa akikaa kwa mjomba na kuchunga mifugo, hakuna anayetaja mshahara. Ni mtoto wa nyumbani: anakula, analala, na siku akioa mjomba ana neno lake. Mpwa hapatani bei na mjomba. Ndugu na ndugu ndio wanaokaa chini wakaelewana. Labani anapomwita Yakobo ndugu, anamwinua hadi ngazi ya mtu wa kufanya naye mkataba, na mkataba huo ndio unaobeba hadithi yote: miaka 7 kwa ajili ya Raheli, asubuhi ya kumkuta Lea, miaka 7 mingine, kisha miaka 6 kwa ajili ya mifugo. Katika sura ya 31 Yakobo anaihesabu yote 20 mbele ya Labani na kumlaumu kwamba alimbadilishia mshahara mara kumi. Wazee wetu wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yakobo hakufa maskini, lakini methali hiyo isikie ukiwa umesimama zizini kwa Labani, na neno *nduguye* litakuwasha.

Kwa hiyo kanuni ni hii: msimulizi aeleze uhusiano kwa neno letu lililo wazi zaidi, na mhusika abaki na neno alilolichagua, hata kama si wazi. Hadhira imekwisha kusikia kutoka kwa msimulizi kwamba Labani ni mjomba. Ikimsikia akisema "ndugu", itajua kuna jambo analitafuta.

Kanuni hiyo ina mahali pake pa hatari, napo ni kisimani. Yakobo anambusu Raheli, analia, kisha anajitambulisha kwamba yeye ni ndugu wa baba yake na ni mwana wa Rebeka. Ukimwachia Yakobo nusu ya kwanza peke yake, Mswahili anasikia "baba mdogo", na baba mdogo hamwoi mtoto wa ndugu yake. Shangazi alipofika hapo aliweka kalamu chini. Kwa upande wa baba, kwa ule mlango wa pili aliouona mwenyewe, Yakobo kweli ni baba mdogo au mkubwa wa Raheli. Kwa upande wa mama ni mtoto wa shangazi yake. Pwani watu husema binamu nyama ya hamu, na ndoa ya namna hiyo haishangazi. Katika makabila mengi ya bara ni mwiko. Sikuificha wala kuilainisha. Niliziacha nusu zote mbili zikae katika pumzi moja, na ya pili nikaiandika kwa neno letu: "Mimi ni ndugu wa baba yako, mtoto wa shangazi yako Rebeka." *Shangazi* linafungua mlango wa mama papo hapo, na hadhira inajua Yakobo amepita wapi.

Hatua ya nne: chunga sana neno "bwana"

Hapa nilianguka mbele ya watu. Katika sura ya 31 Yakobo ametoroka na familia yake, na Raheli amevichukua vinyago vya baba yake. Labani anawafikia, anapekua hema moja baada ya jingine. Raheli amevificha ndani ya matandiko ya ngamia na ameketi juu yake. Anamwomba baba yake asikasirike kwamba hawezi kusimama, kwa kuwa yuko katika siku zake. Na katika Kiebrania hamwiti "baba". Anamwita *adoni*, bwana wangu.

Niliandika "bwana wangu" kama lilivyo. Msichana aliyeigiza Raheli akalisema kwa unyenyekevu mkubwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwetu mwanamke akisema "bwana wangu" anamtaja mumewe. Raheli alikuwa ameketi juu ya siri ya kuogopesha, na kwa neno moja nilimwondoa hapo nikamwozesha kwa baba yake.

Suluhisho si kufuta heshima ukaandika "baba" tu. Raheli anajificha nyuma ya neno hilo la adabu kama vinyago vilivyojificha chini yake, na anamsemesha baba yake kana kwamba anamsemesha mtu mwingine, akiomba hasira isiwake machoni pa bwana wake. Kiebrania kimeweka adabu hiyo ndani ya jina la kuitia na ndani ya nafsi ya tatu. Kiswahili huweka adabu yake mahali pengine: katika salamu, katika kuomba radhi, katika namna ya kitenzi. Kwa hiyo hamisha mzigo, usiutupe. Raheli wangu sasa anasema: "Uniwie radhi, baba, usinikasirikie, mwanao siwezi kuinuka." *Uniwie radhi* linabeba umbali uliowekwa na *adoni*, na *mwanao* linamrudisha chini ya paa la baba yake. Msichana alipolisema mara ya pili, hakuna aliyecheka. Bibi mmoja wa safu ya mbele aliguna.

Usije ukafuta *bwana* kila mahali kwa sababu ya tukio hili. Mjumbe akimwambia mwenye mali "bwana wangu", Kiswahili kinapokea. Angalia anayesema ni mwanamke au mwanamume, anamwambia nani, na yuko wapi. Kisha lisome kwa sauti mbele ya watu wasiopungua watatu, kwa kuwa kicheko hakisikiki kwenye karatasi.

Hatua ya tano: Esau akifika, usimsaidie Yakobo

Kipimo cha mwisho ni sura ya 33. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka yote ile. Esau anamjia na watu 400. Yakobo amekwisha kutanguliza zawadi, na sura ya 32 inaihesabu kama karani: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia wanyonyeshao 30 pamoja na ndama wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na madume 10. Bila ndama wa ngamia ni wanyama 550. Kisha yeye mwenyewe anatangulia na kuinama hadi chini mara saba.

Esau na Yakobo ni pacha. Kwa majina ya Tanzania, Esau ni Kulwa na Yakobo ni Doto. Kiswahili kinatamani sana Yakobo aseme "kaka", na vijana wangu waliliomba neno hilo. Wakati huu sikukubali, wala shangazi hakukubali.

Hesabu maneno. Katika mazungumzo ya sura ya 33 Yakobo anamwita Esau *adoni* mara tano, na yeye mwenyewe anajiita mtumishi wake. *Ndugu yangu* hasemi hata mara moja. Mtu aliyepokea baraka ya kuwa bwana wa ndugu zake, tena kwa kuvaa ngozi za wana-mbuzi mbele ya baba asiyeona, sasa anamwita bwana yule aliyemnyang'anya. Ukimwandikia "kaka", umemsamehe kabla Esau hajafungua kinywa. Mwache na "bwana wangu" lake lote. Mwanamume akimwambia mwanamume mwenzake, hapa linakaa sawasawa, na ubaridi wake ndio unaotakiwa.

Esau anajibu kwamba anavyo vya kutosha, Yakobo abaki na vyake, na katikati ya jibu hilo anatia *ahi*. Mara moja tu. Hapa kuna kishawishi cha pili, cha kuandika "mdogo wangu", kwa kuwa Esau ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Usiandike. "Mdogo wangu" lingeurudisha ule uzaliwa wa kwanza uliouzwa kwa mchuzi wa dengu, na lingemkumbusha Yakobo nani alipaswa kukaa juu. Andika "ndugu yangu", neno lilelile ulilompa Labani.

Ndiyo sababu nililing'ang'ania lile neno la sura ya 29. Labani alisema "ndugu" ili afungue hesabu ya mshahara. Esau anasema "ndugu" ili akatae zawadi. Ungekuwa umempa Labani "mpwa" na Esau "mdogo wangu", kila sentensi ingeeleweka peke yake, lakini hakuna sikio lingeziunganisha.

Jinsi ya kujua kama umekosea

Msomee igizo mtu asiyeijua hadithi, kisha mpe karatasi achore ukoo. Akimchora Labani tumbo moja na Yakobo, msimulizi wako hajataja *mjomba* mapema vya kutosha. Akimchora Raheli kama mtoto wa kulelewa na Yakobo, rudi kisimani ukamtafute shangazi Rebeka. Akicheka pale pa matandiko ya ngamia, rudi hatua ya nne.

Kisha muulize swali moja: ni watu wangapi waliomwita Yakobo ndugu, na kila mmoja alitaka nini? Siku ya igizo nilimuuliza shangazi yangu swali hilo tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alinyamaza hadi tukafika kwenye kona ya kwao.

"Wawili," akasema. "Mmoja alitaka kazi yake. Mwingine hakutaka kitu." Akafungua mlango. "Huyo wa pili ungempa muda kidogo zaidi jukwaani."

Nimempa. Katika rasimu mpya, Esau akishasema "ndugu yangu", hakuna anayezungumza mpaka kijana aliyeigiza Yakobo ahesabu moyoni moja hadi saba, mara zilezile alizoinama.